Gemu za kujenga jiji: uhitaji wa kanda, foleni na bajeti hupigiwaje hesabu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wachezaji ambao jiji lao limekwama na hawaelewi kwa nini. Nimeamua kuyajibu kwa kutumia gemu moja tu, SimCity ya mwaka 1989 iliyobuniwa na Will Wright, kwa sababu yake ndiyo tunayoweza kuifunua boneti na kuona injini. Januari 2008 msimbo wake ulitolewa kwa umma chini ya leseni huria ya GPL, kwa jina la Micropolis, ili utumike kwenye kompyuta ndogo za wanafunzi za mradi wa OLPC (Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizozipokea kompyuta hizo). Kwa hiyo namba zilizo hapa chini si za kubahatisha. Zimo ndani ya faili kama `s_sim.c`, `s_zone.c` na `s_traf.c`, na yeyote anaweza kuzifungua akazisoma.

Vile vijiti vya uhitaji vya R, C na I kwenye skrini vinapima nini hasa?

Watu wengi hudhani kijiti cha R kikipanda, kuna familia mahali fulani zinazosubiri nyumba. Hakuna familia. Kuna namba tatu tu: `RValve` ya makazi, `CValve` ya biashara na `IValve` ya viwanda. Jina lenyewe linamaanisha koki, na ni jina linalofaa, maana namba hizi hufungua au kubana ukuaji wa jiji zima kwa pamoja. Koki ya makazi huanzia -2000 hadi 2000. Zile mbili nyingine huanzia -1500 hadi 1500.

Mara mbili kwa kila mwezi wa gemu, kompyuta hupiga hesabu fupi na kuongeza au kupunguza kiasi fulani kwenye kila koki. Neno la kushika hapa ni "kuongeza". Koki hailetwi upya kila mara, inajilimbikiza. Ukikosea leo, kijiti hakishuki leo. Huteremka polepole kwa miezi, na ukishaona kimezama, kosa lenyewe ulishalisahau.

Hiyo hesabu fupi ikoje? Nipe mfano wenye namba.

Tuchukue mji mdogo. Gemu ina hesabu yake ya wakazi, na huigawanya kwa 8 ili ilingane na vipimo vya biashara na viwanda. Tuseme makazi ni 240, yaani 30 baada ya kugawanya, biashara ni 10 na viwanda ni 15. Kwenye skrini mji huu utaandikwa una watu 8,800, kwa sababu gemu hurudisha kila kitu kwenye kipimo kimoja kisha huzidisha kwa 20.

Kwanza inatazama ajira: biashara na viwanda kwa pamoja ni 25, wakazi ni 30, kwa hiyo ajira ni 25 gawanya kwa 30, karibu 0.83. Kwa kuwa iko chini ya 1, watu wanahama: 30 mara pengo la ajira ni kama watu 5 kuondoka. Wanaozaliwa ni asilimia 2, yaani 0.6. Makadirio ya wakazi ni 25.6 badala ya 30, uwiano wa 0.853. Gemu hutoa 1 na kuzidisha kwa 600, na jibu ni -88. Hiyo ndiyo namba inayoingia kwenye koki ya makazi, mara mbili kwa mwezi. Kutoka sifuri hadi chini kabisa kwenye -2000 ni safari ya karibu mwaka mzima.

Biashara nayo? Hapa wakazi wengi ni neema. Jumla ya mji, 55, hugawanywa kwa 3.7 kupata ukubwa wa soko la ndani, kisha huzidishwa kwa wingi wa nguvukazi, ambao ni 30 gawanya kwa 25, yaani 1.2. Inatoka 17.8, wakati biashara zilizopo ni 10. Koki ya biashara inapanda kwa takriban 470 kila mara. Viwanda havitegemei soko la ndani, vinauza nje ya mji: 15 mara 1.2 mara 1.2 nyingine, ambayo ni kipimo cha soko la nje kwa kiwango rahisi cha mchezo. Inatoka 21.6, na koki inapanda kwa 264.

Sasa mji wetu unasomeka vizuri. Haukosi nyumba. Unakosa kazi, na njia ya kuwarudisha watu ni kutenga viwanja vya biashara na viwanda.

Nikipunguza kodi, si watu watakuja?

Watakuja. Ila tazama bei yake. Kodi huingia kwenye koki kupitia jedwali hili:

```
short TaxTable[21] = {
  200, 150, 120, 100, 80, 50, 30,
  0, -10, -40, -100, -150, -200, -250,
  -300, -350, -400, -450, -500, -550, -600 };
```

Namba ya kwanza ni ya kodi ya asilimia 0, ya pili ni ya asilimia 1, na kuendelea. Kwenye kiwango rahisi asilimia 7 ndiyo sifuri: haivuti wala haifukuzi. Kiwango kigumu husogeza jedwali hatua mbili, hivyo huko sifuri iko kwenye asilimia 5.

Rudi kwenye mji wetu uliokuwa na -88. Ukishusha kodi kutoka 7 hadi 3 unapata 100, na koki ya makazi inageuka kuwa +12. Sasa jaribu njia nyingine: acha kodi kwenye 7, ongeza biashara hadi 13 na viwanda hadi 17, ajira zifike 30. Hakuna anayehama, wanabaki wale wanaozaliwa tu, uwiano ni 1.02, na koki inapata +12 vilevile. Ajira 5 zimefanya kazi ileile ya kukata zaidi ya nusu ya mapato ya serikali ya mji. Niliporudia hesabu hii kwenye karatasi sikuamini mpaka nilipoirudia tena, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikitibu kila tatizo kwa kushusha kodi.

Kijiti cha R kimejaa kabisa, lakini viwanja vyangu ni vitupu. Kwa nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo sehemu nzuri kuliko zote katika msimbo huu.

Koki ni ya jiji zima, lakini kila kiwanja cha miraba 3 kwa 3 kina alama yake pia. Kwa makazi, gemu huchukua thamani ya ardhi ya pale, hutoa uchafuzi wa hewa, huzidisha kwa 32, kisha hutoa 3000. Jumla hiyo huongezwa kwenye koki:

```
zscore = RValve + 32 * (thamani - uchafuzi) - 3000
```

Kiwanja hakiwezi kukua kama `zscore` haijazidi -350. Chukua kiwanja chenye thamani ya ardhi 60 na uchafuzi 40. Tofauti ni 20. Mara 32 ni 640, toa 3000 ni -2360. Sasa weka koki iliyojaa mpaka juu, 2000: jibu ni -360. Kimekosa kwa namba 10 tu, na kitabaki kitupu milele. Ungeweza kufuta kodi yote, ungeweza kusubiri miaka 100, hakijengwi. Tofauti ikiwa 21 kinapita. Ndiyo maana mchezaji huona viwanja viwili jirani, kimoja kina ghorofa na kingine kina majani, akadhani gemu imeharibika.

Kibaya zaidi, uchafuzi unakatwa mara mbili. Thamani ya ardhi yenyewe huanza na ukaribu na katikati ya jiji, inaongezewa miti na maji yaliyo karibu, kisha inapunguzwa uchafuzi. Halafu hesabu ya kiwanja inakuja kuutoa uchafuzi uleule tena. Kiwanda kimoja kikiongeza uchafuzi kwa 10, kiwanja cha makazi kinapoteza 20 kabla ya kuzidisha. Kwa hiyo ukiona R imejaa na viwanja vitupu, usiguse kodi. Fungua ramani ya uchafuzi na ya thamani ya ardhi, utaona tatizo lilipo. Ukiacha hapo, angalia umeme: kiwanja kisicho na umeme hupewa -500 moja kwa moja, bila kujali koki wala ardhi, na -500 haivuki mstari.

Kuna jambo la tatu, na hili ni la subira tu. Hata kiwanja kilichovuka mstari hurushiwa kete. Alama ikiwa 0, nafasi yake ya kukua kila kinapopimwa ni kama 10 katika 100. Ikiwa 2000 ni kama 13 katika 100. Unaona tofauti ilivyo ndogo? Uhitaji mkubwa hauharakishi ujenzi kama tunavyodhani. Kazi yake kubwa ni kuvusha viwanja vingi zaidi juu ya ule mstari wa -350.

Koki imeganda kwenye sifuri, haipandi hata nifanye nini. Je?

Jiji lako limefika ukubwa unaodai majengo maalumu. Makazi yakizidi 500 kwa hesabu ya ndani bila uwanja wa michezo, koki ya R haivuki sifuri. Biashara zikizidi 100 zinataka uwanja wa ndege. Viwanda vikizidi 70 vinataka bandari. Gemu hutuma ujumbe wa kudai jengo hilo, ila ni rahisi kuupita bila kuusoma.

Yale magari ninayoyaona barabarani yanakwenda wapi?

Hayaendi popote. Ni picha. Kinachotokea ni hiki: kiwanja kinapopimwa, gemu hutafuta barabara kwenye miraba 12 inayokizunguka. Ikiipata, hutuma safari moja, na safari hiyo hutembea mraba kwa mraba bila ramani wala dira. Ikifika njia panda huchagua upande kwa bahati nasibu, ikijizuia tu isigeuke kurudi ilikotoka. Kila hatua hutazama pembeni kuona kama imefika: safari ya kutoka makazi hutafuta mahali pa kazi, ya kutoka kiwandani hutafuta makazi. Ina hatua 30 tu. Ikiingia njia iliyokufa, hesabu ya hatua inaongezwa 3 kama adhabu.

Ikifanikiwa, barabara zote ilizopita huongezewa msongamano wa 50, na kilele ni 240. Kila mzunguko wa hesabu, msongamano hupungua 24, au 34 kama umezidi 200. Ukifika 64 gemu huchora magari machache, ukifika 192 huchora foleni. Kwa hiyo safari moja katika kila mizunguko miwili inatosha kuifanya barabara isipoe, na safari tatu kwa mzunguko zinaifikisha kwenye foleni upesi. Barabara ikigonga kilele, huenda ukaiona helikopta ikiruka kwenda pale kutangaza foleni.

Kutokana na kutembea bila dira, umbo la mitaa lina maana kuliko upana wake. Weka mtaa wenye njia panda kumi kati ya nyumba na kazi, safari nyingi zitapotea. Weka mtaa mmoja ulionyooka, na safari haina pengine pa kwenda isipokuwa kufika.

Basi foleni inaua jiji?

Si kwa namna unavyofikiri. Katika gemu hii hakuna anayechelewa kwa sababu ya foleni. Safari inayopita barabara yenye msongamano wa 240 hutumia hatua zilezile kama barabara tupu. Na hata safari isiyofika popote haikiadhibu kiwanja chake: msimbo hutofautisha "nimeshindwa kufika" na "sijaona barabara kabisa", na ni hilo la pili tu linalowatoa wakazi.

Madhara ya foleni hupita mlango wa nyuma. Mraba wa barabara yenye magari machache hutoa uchafuzi wa 50, wenye foleni hutoa 75. Uchafuzi huo husambaa kwa majirani, unashusha thamani ya ardhi, na tunarudi kwenye ile hesabu ya -350 ambamo unakatwa mara mbili. Foleni inaua mtaa kwa moshi wake.

Hapo ndipo hila maarufu ya reli inapotokea. Safari hukubali kutembea juu ya reli sawa na barabara, lakini msongamano huandikwa kwenye barabara peke yake. Jiji la reli tupu halina foleni wala moshi wa magari. Binafsi naiona hila hii kuwa mahali ambapo gemu inaacha kufanana na jiji lolote, lakini inafanya kazi, na gharama yake inaonekana kwenye bajeti.

Gemu mpya kama Cities: Skylines zinafanya hivyohivyo?

Hapana, na tofauti ni kubwa. Cities: Skylines ya mwaka 2015, iliyotengenezwa na Colossal Order ya Tampere, Finland, hufuatilia kila gari kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho, na gari linachukua nafasi kweli barabarani. Kwa hiyo foleni inachelewesha: gari la zima moto linakwama, mizigo haifiki dukani. Bei ya uhalisia huo ni ukomo. Magari yanayotembea kwa wakati mmoja hayazidi 16,384 kwa jiji zima. Na gari lililokwama muda mrefu mno huondolewa tu, ili jiji lisigande. Ukiona foleni yako imeyeyuka ghafla bila wewe kugusa kitu, usijipongeze kwanza.

Bajeti inatoka wapi na inakwenda wapi?

Turudi kwenye Micropolis. Mapato ni kodi tu: jumla ya mji mara wastani wa thamani ya ardhi, gawanya kwa 120, mara asilimia ya kodi, mara 1.4 kwa kiwango rahisi (0.8 kwa kigumu). Matumizi ya kila mwaka ni matatu tu: barabara na reli, zima moto, na polisi. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ukishaununua kwa 3000 haukudai tena hata senti.

Mji wetu wa 55, wenye wastani wa ardhi wa 80 na kodi ya asilimia 7, unakusanya kama 352 kwa mwaka. Tuseme una miraba 150 ya barabara, kwa 0.7 kila mmoja: 105. Kituo kimoja cha polisi 100, kimoja cha zima moto 100. Jumla 305, na inabaki akiba ya 47. Sasa fanya ule ukarimu wa kushusha kodi hadi 3: unakusanya 151, na kila mwaka unazama kwa 154. Mraba wa reli huhesabiwa kama miwili ya barabara, kwa hiyo ile hila ya reli ingegeuza 105 kuwa 210.

Naweza kubana matumizi ya barabara?

Kidogo sana, na kuna mpaka kamili. Gemu hugeuza asilimia unayolipa kuwa kipimo cha 0 hadi 32, na barabara huanza kubomoka kipimo kikiwa chini ya 30. Ukilipa asilimia 94 unapata 30, barabara ziko salama. Ukilipa asilimia 93 unapata 29, na mraba mmoja mmoja huanza kugeuka kifusi kwa bahati nasibu. Mraba mmoja ukikatika mahali pabaya, kiwanja kinakosa barabara, na hapo ndipo wakazi huondoka. Ukiwa na deni dogo, ni afadhali kuacha wazo la kituo cha pili cha polisi kuliko kugusa barabara.

Ni kweli kwamba unaweza kuweka kodi sifuri mwaka mzima na kuipandisha Desemba tu?

Ni kweli, na sababu yake iko wazi ndani ya `CollectTax`. Gemu hujumlisha kodi uliyoweka katika kila mzunguko wa mwaka, mizunguko 48, na inapofika siku ya kukusanya hupata wastani wake. Kisha wastani huo hautumiki popote. Mstari unaofuata huchukua asilimia iliyopo kwenye skrini wakati ule. Inaonekana mwandishi wa msimbo alikusudia kuuziba mwanya huu na akaishia njiani.

Kwa mji wetu, asilimia 20 wakati wa kukusanya ni 1,008 badala ya 352. Hesabu ya koki ikikukuta kwenye 20 hata mara moja, kila koki inapoteza 600. Ukirudi sifuri unarudishiwa 200 kila mara, hivyo jeraha linapona katika mwezi mmoja na nusu, na miezi iliyobaki yote ni faida. Nimecheza hivyo mara moja, mji ukajaa fedha kufikia mwaka wa tano. Tangu hapo huiacha kodi yangu kwenye 7 na kuhangaika na ajira, maana ndipo hesabu za gemu hii zinapoanza kugusana: kiwanda kinaleta kazi, kazi inaleta watu, na moshi wa kiwanda hichohicho unaamua kama watapata pa kujenga.